Bando Nafuu ni Lile Unalolimaliza

Ukiwa mtumiaji mkubwa wa intaneti Nachingwea au Ruangwa, huenda una laini mbili au tatu mfukoni, na swali lako kila mwisho wa mwezi ni lile lile: niunge bando gani? Jibu la mtaani ni jepesi. Chukua bei, gawanya kwa MB, linalotoa namba ndogo ndilo nafuu. Hesabu hiyo si mbaya, ila imeishia nusu ya njia. Mtumiaji mdogo haitamuumiza sana. Anayemaliza GB 20 kwa mwezi inaweza kumlia maelfu ya shilingi kila mwezi bila yeye kujua, maana anaamini ameshachagua la bei ya chini kabisa.

Tuanze na rula. Tarehe 2 Aprili 2021 kanuni mpya za vifurushi za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zilianza kutumika, na siku hiyo hiyo watu walipofungua menyu walikuta MB zimepungua kwa pesa ile ile. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Serikali ilisimamisha bei mpya na za zamani zikarudi. Mjadala ulipowaka tena mwaka 2022, mipaka iliyotajwa hadharani ilikuwa kati ya Sh 2.03 na Sh 9.35 kwa MB moja. Namba hizo mbili zinafaa kukaa kichwani. Kwa bei ya chini GB 1 inagharimu kama Sh 2,080, na kwa bei ya juu inafika Sh 9,570. Bando lolote unaloonyeshwa, liweke kwenye mstari huo uone limesimama wapi.

Ukifanya hivyo kwa mabando makubwa, yale ya Sh 30,000 na kuendelea, mara nyingi utaona yamesongamana karibu na upande wa chini. Hili la Sh 2.08, lile la Sh 2.14, jingine la Sh 2.20. Tofauti zake ni za senti, na senti hizo humezwa haraka na jambo jingine ambalo menyu haikuambii: MB ngapi kati ya ulizouziwa utazitumia kweli kabla muda haujaisha. Kwa hiyo bei ya kweli ya MB hupatikana kwa kugawanya pesa uliyotoa kwa MB ulizotumia. Zile zilizoandikwa kwenye menyu ni ahadi tu, na ahadi hiyo ina tarehe ya mwisho.

Kabla ya hesabu yenyewe, tahadhari moja. Usikopi jedwali la bei la jirani. Mitandao imezoea kuwapa wateja ofa za mtu mmoja mmoja; Vodacom wamekuwa na Ya Kwako Tu, Tigo, ambao sasa ni Yas, walikuwa na Saizi Yako. Watu wawili waliokaa benchi moja stendi ya Ruangwa wakipiga menyu ile ile wanaweza kuona MB tofauti kwa Sh 2,000 ile ile, kwa sababu mfumo unaangalia historia ya kila laini. Jedwali lako lazima litoke kwenye laini zako mwenyewe, siku unayotaka kununua. Menyu ni `*149*01#` kwa Vodacom, `*149*99#` kwa Airtel, `*147*00#` kwa Yas, `*148*66#` kwa Halotel na `*148*30#` kwa TTCL. Ingia kila moja, usinunue, andika tu: bei, MB, siku, na masharti. Kazi hiyo haichukui nusu saa.

Ndiyo maana namba nitakazotumia hapa chini ni za mfano. Si bei za mtandao wowote, ingawa nimeziweka kwenye kiwango ambacho msomaji atakitambua. Weka zako mahali pa zangu, hesabu haibadiliki. Na ili tusikwame, MB 1,000 nitaihesabu kuwa GB 1.

Tumchukue mwenye steshenari mjini Nachingwea. Ana mashine ya fotokopi, printa, laptopu moja iliyochoka kidogo, na simu inayowasha hotspoti kuanzia asubuhi. Wateja wake wanakuja na mambo ya aina moja: kujaza maombi ya kazi kwenye Ajira Portal, kuprinti namba ya NIDA, kuangalia matokeo, kutumiwa faili kwa WhatsApp ili litolewe kwenye karatasi. Katikati ya hayo yupo yule anayesimama mlangoni na kusema, "Kaka, nirushie hotspoti kidogo nitume hii fomu," na ile "kidogo" yake inageuka kupakua video tatu. Jioni mwenyewe anafunga duka na kuangalia mpira kwenye simu.

Huyu kabla ya kuchagua bando anahitaji namba moja: mwendo wake wa siku, yaani MB anazotumia kwa siku moja kwa wastani. Kuipata si vigumu. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka anauliza salio la bando, anaandika kwenye mfuniko wa boksi la karatasi za A4, na asubuhi inayofuata anatoa. Wiki mbili zinatosha, ila ziwe wiki za kawaida, zisiwe za msiba wala za likizo. Akinunua bando jingine katikati, anaongeza MB zake kwenye hesabu.

Kwa nini salio la mtandao na si ile kaunta ya matumizi ya data iliyo ndani ya simu? Kwa sababu mbili. Kwanza, bando linakatwa na mtandao, simu haihusiki, kwa hiyo ya mtandao ndiyo inayogusa pesa yako. Pili, simu yako inaweza kuwa inahesabu GB kwa makumi, yaani MB 1,000 zenye KB 1,000 kila moja, wakati mtandao unahesabu kwa 1,024. Ukipiga mara tatu, kutoka baiti hadi GB, tofauti inafika kama asilimia 7. Bando la GB 10 linaweza kuisha huku simu ikisema umetumia GB 10.7, na hakuna aliyekosea. Lakini simu ikisema umetumia GB 8 na bando la 10 limekwisha, hapo chunguza. Mara nyingi utagundua kaunta ya simu ilianza kuhesabu tarehe tofauti, au ulikuwa unasoma matumizi ya laini nyingine.

Tuseme mwendo wake umetoka MB 667 kwa siku. Kwa siku 30 ni MB 20,000, kwa maana nyingine GB 20. Kwenye karatasi yake ya menyu ameandika mabando manne. La siku ni Sh 1,000 kwa MB 350. La wiki ni Sh 10,000 kwa MB 4,400. La mwezi dogo ni Sh 30,000 kwa MB 14,000, na la mwezi kubwa ni Sh 50,000 kwa MB 24,000. Akigawanya kwa njia ya mtaani anapata Sh 2.86 kwa la siku, Sh 2.27 kwa la wiki, Sh 2.14 kwa la mwezi dogo na Sh 2.08 kwa la mwezi kubwa. Kwa hesabu hiyo mshindi ni la Sh 50,000, na watu wengi wangeishia hapo, wakalinunua na kujisifu.

Sasa ongeza hatua moja. Chukua MB za kila bando, gawanya kwa siku za uhai wake. Utapata mwendo ambao bando hilo linakudai ili lisikufie mkononi. La siku linadai MB 350 kwa siku. La wiki linadai 629. La mwezi dogo linadai 467. La mwezi kubwa linadai 800. Mwenye steshenari anatumia 667. Mabando matatu ya kwanza atayamaliza kabla ya muda, kwa hiyo hatapoteza hata MB moja. La nne hawezi kulimaliza. Siku ya 30 ikifika atakuwa ametumia MB 20,000 na zile 4,000 zilizobaki zinaondoka. Alitoa Sh 50,000, akatumia MB 20,000, na kila MB ilimgharimu Sh 2.50.

Bando la mwezi dogo linaisha kwenye siku ya 21, na hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa kimawazo. Wanaona bando la mwezi lililokata wiki ya tatu kuwa ni hasara, eti mwezi haujafika. Hakuna hasara. Umelipia MB 14,000, umetumia MB 14,000, na siku hiyo hiyo unaweza kununua jingine. Kalenda ya bando haina haja ya kufanana na kalenda ya ukutani. Siku tisa zilizobaki hukuzinunua. Muda ni mpaka wa kutumia, si bidhaa unayoidai. Ukiliweka hivyo, gharama yake kwa kila siku 30 ni MB 20,000 mara Sh 2.143, karibu Sh 42,900. La wiki lingemgharimu kama Sh 45,500 kwa muda huo. La siku, Sh 57,000 na kitu. Na lile la Sh 50,000, lenye namba ndogo kuliko yote kwenye menyu, linashika nafasi ya tatu kati ya manne. Linalizidi la mwezi dogo kwa Sh 7,100 kila mwezi.

Je, lazima afikishe MB 800 kwa siku ndipo la kubwa limfae? Hapana, anaweza kupoteza kidogo na bado akawa mbele, kwa kuwa MB zake ni nafuu zaidi. Gawanya Sh 50,000 kwa 2.143 unapata MB 23,333. Akitumia kuanzia kiasi hicho kwa siku 30, ambacho ni kama MB 778 kwa siku, la kubwa linampita la dogo hata kama kuna mia sita na kitu zinakufa mwishoni. Chini ya hapo asilisogelee.

Msomaji makini atauliza: si kuna utaratibu wa kuhamisha salio la bando? Upo. Kanuni zile za 2021 ziliweka kwamba mteja akinunua tena bando lile lile kabla muda haujaisha, MB zilizobaki ziendelee naye. Pia zilitaka mteja aweze kumhamishia mwenzake wa mtandao huo huo MB, na apate ujumbe matumizi yakifika asilimia 75 na asilimia 100. Ni haki nzuri, na mtu ajue kuidai. Lakini angalia inamfanyia nini mwenye steshenari wetu. Mwezi wa kwanza anabaki na MB 4,000, ananunua tena la Sh 50,000 ili zisife, anaanza na 28,000. Anatumia 20,000, anabaki na 8,000. Ili hizo nazo zisife, ananunua tena. Mwezi wa tatu anafunga na 12,000. Akiba inakua, lakini kila siku 30 ametoa Sh 50,000 kama kawaida. Hawezi kuruka hata mwezi mmoja, kwa maana siku atakayoacha kununua, muda ukiisha akiba yote inakwenda. Kwa mtu ambaye mwendo wake haubadiliki, kuhamisha salio kunampa furaha ya kuona namba kubwa kwenye skrini, na pesa inayotoka mfukoni ni ile ile.

Kunamsaidia mtu ambaye mwendo wake unapanda na kushuka, na huku kwetu matumizi hupanda na kushuka kweli. Steshenari zinachangamka kati ya Juni na Septemba, kipindi cha matokeo ya kidato cha sita, maombi ya mikopo ya HESLB na ya vyuo. Kwa watu wa ufuta na korosho kuna msimu mwingine: minada ya RUNALI, ushirika unaounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, siku hizi inapita kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX, na siku ya mnada makundi ya WhatsApp yanajaa picha, sauti na video za bei. Karani wa AMCOS ambaye Machi anatumia MB 200 kwa siku, msimu wa korosho anaweza kuongeza mara tatu.

Turudi kwa mtu wetu. Tuseme Julai anapanda hadi MB 1,100 kwa siku. Mei na Juni akinunua la Sh 50,000 na kulihuisha kwa wakati, anaingia Julai na akiba ya MB 8,000. Miezi hiyo miwili ametoa zaidi ya vile ambavyo angetoa kwa la mwezi dogo kwa Sh 14,300, kwa hiyo akiba hiyo imemgharimu kama Sh 1.79 kwa MB. Julai angeinunua kwa Sh 2.08. Faida yake yote ni kama Sh 2,400. Na akichelewa kuhuisha mara moja tu, usiku wa mwisho umeme umekatika na simu imezima, anapoteza akiba yote aliyokuwa nayo. Mimi nisingeuweka mtego huo kwa Sh 2,400. Ningeunga la mwezi dogo miezi ya kawaida, na Julai ningehamia kubwa, ambalo kwa mwendo wa 1,100 litaisha kabla ya siku 22 bila kubakiza kitu.

Mwendo huo huo wa Julai unatoa jibu kwa mabando yenye MB za usiku. Utakuta la Sh 50,000 limeandikwa GB 34 kwa herufi kubwa, na ndani yake GB 12 ni za kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ukigawanya kijinga unapata Sh 1.47 kwa MB, namba ya kuvutia kweli. Lakini mwenye steshenari anafunga saa mbili usiku na saa nne amelala. Kwake hilo ni bando la MB 22,000, sawa na Sh 2.27. Ili lilingane na lile la GB 24 inabidi atumie MB 2,000 za usiku katika kila bando. Anaweza? Anaweza, kama atayafanya yale mambo yasiyomhitaji awe macho: kuhifadhi nakala za WhatsApp, kusasisha programu za simu, kuacha laptopu ipakue masasisho yake ya Windows. Masasisho ya Windows peke yake yanaweza kula GB kadhaa kwa mwezi. Mchana ayazuie, kwa kuweka mtandao wa hotspoti kuwa `Metered connection` kwenye mipangilio ya Wi-Fi, usiku ayaachie. Kama hayupo tayari kwa hilo, asilipie usiku wa watu wengine.

Mabando ya WhatsApp au mitandao ya kijamii pekee nayapita haraka. Ni nafuu kwa anayechati, kwa mtumiaji mkubwa ni nyongeza tu. Jambo moja la kujua ni kwamba mteja akikutumia kiungo ndani ya WhatsApp ukakibonyeza, ukurasa unafunguka nje ya WhatsApp, na hapo linaliwa bando la kawaida, au salio.

Na salio ndilo shimo kubwa kuliko yote. Bando likikata huku una vocha ya Sh 1,000 na umeruhusu kuendelea nje ya bando, tuseme kwa ile bei ya juu ya Sh 9.35 kwa MB, unapata MB 107, basi. Sh 1,000 hiyo hiyo ndani ya bando la mwezi dogo ingekupa MB 467. Kwa laptopu iliyounganishwa na hotspoti, MB 107 zinaweza kuondoka wakati unatafuta miwani. Kanuni zinataka mtandao usikukate nje ya bando bila ridhaa yako, lakini wengi walishatoa ridhaa hiyo siku nyingi kwa kubonyeza namba wasiyoikumbuka. Ingia kwenye menyu uangalie, zima. Kisha usiweke vocha kwenye laini ya intaneti. Nunua bando moja kwa moja kutoka kwenye pochi ya pesa za simu, salio libaki sifuri. Ikitokea bando limekata, intaneti itakatika nalo, na hiyo ndiyo kengele unayoitaka.

Sasa suala la mtandao wenyewe, ambalo hesabu ya mjini huwa inalisahau. Mwenye steshenari wa Nachingwea mjini ana 4G. Ndugu yake mwenye kibanda kama hicho kijijini, upande wa Ruangwa, anaweza kukuta laini yenye bei nafuu inasoma H+ mchana na E jioni. Halotel walipoingia mwaka 2015 walijijengea jina kwa kufika vijijini, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, umeendelea kutoa ruzuku ya minara sehemu ambazo kampuni peke yake zisingeenda. Hata hivyo kila kilima kina mambo yake, na mnara unaoshika vizuri nyumba hii unaweza kuwa wa mtandao ambao nyumba ya pili haushiki.

Mtandao dhaifu hauongezi tu muda wa kusubiri, unakula MB. Faili la MB 80 likifika MB 60 likakatika, na tovuti ikalianza upya, umetumia MB 140 kupata MB 80. Likitokea hivyo kila mara, bando la Sh 2.08 linageuka kuwa la Sh 3.64 kwa MB yenye manufaa. Njia ya kupima ni rahisi. Chagua faili moja unalolijua ukubwa wake, MB 50 hivi. Soma salio la bando, lipakue ukiwa pale pale unapofanyia kazi, soma salio tena. Fanya saa nne asubuhi na saa mbili usiku, kwa laini zote mbili. Bando likipungua MB 51 au 53, laini hiyo ni nzima. Likipungua 80, bei ya kwenye menyu iongeze kwa kiwango hicho kabla ya kulinganisha. Kwa kipimo hicho laini ya Sh 2.27 inayoshika vizuri inaweza kuwa nafuu kuliko ya Sh 2.08 inayokatakata, na wapo watu vijijini ambao wamekuwa wakilijua hilo bila kuliandika popote.

Kuna kundi moja ambalo hesabu yangu ya mwezi haiwafikii kirahisi, nao ni wanaopata pesa kwa siku. Muuza chipsi au bodaboda anayeangalia video nyingi hana Sh 30,000 mara moja, ana Sh 1,000 kila jioni. Kwa la siku anatoa Sh 30,000 kwa mwezi na kupata MB 10,500. Pesa hiyo hiyo kwa mkupuo ingempa 14,000. Anakosa MB 3,500 kwa sababu tu ya namna pesa inavyoingia. Njia ya kati inaweza kuonekana kuwa la wiki. Kwa siku kumi aweke Sh 1,000 pembeni huku akipunguza matumizi, anunue la Sh 10,000 lenye MB 4,400. Lakini lazima alipime kwa mwendo wake kwanza: la wiki linadai MB 629 kwa siku, na yeye wa 350 atatumia MB 2,450 tu kabla wiki haijaisha. Kwake hilo ni Sh 4.08 kwa MB, mbaya kuliko la siku. Linalomfaa ni la mwezi dogo, akiweza kuikusanya pesa yake na mwendo wake ukipita MB 350 kwa siku, la sivyo aendelee na la siku. Ukubwa wa bando peke yake haukuambii kitu.

Mabando mchanganyiko, yenye dakika na SMS pamoja na MB, yanahitaji kutoa kabla ya kugawanya. Bando la Sh 5,000 lenye MB 1,500 na dakika 100 linaonekana ghali, Sh 3.33 kwa MB. Kama dakika hizo 100 ungezinunua hata hivyo kwa Sh 2,000, ondoa Sh 2,000, gawanya 3,000 kwa 1,500, unapata Sh 2.00, na hapo limeshinda yote. Kama unapiga dakika 30 tu, dakika hizo zina thamani ya Sh 600 kwako. MB zako zimesimama kwenye Sh 2.93. Mwenye steshenari anayepigiwa na wateja zaidi ya anavyopiga hana sababu ya kuyagusa.

Limebaki la rauta, zile za malipo ya mwezi zinazouzwa kwa kasi badala ya MB. Hapa geuza hesabu: gawanya ada ya mwezi kwa bei ya MB ya bando lako bora. Ada ikiwa Sh 70,000 na bando lako la kipindi hicho ni Sh 2.08, kiwango cha kulingana ni kama MB 33,600 kwa mwezi. Julai ya MB 1,100 kwa siku inafika MB 33,000 kwa siku 30, karibu sawa; miezi mingine ya mwenye steshenari iko mbali. Kwa hiyo kwa mwendo wake rauta haimlipi, na asipime kwa matumizi ya baada ya kuifunga, maana kila aliyewahi kufunga Wi-Fi dukani anajua kuwa matumizi huongezeka wiki ya kwanza. Ukiamua kuichukua, muulize wakala mambo mawili kabla ya kutoa pesa: baada ya GB ngapi kasi inashushwa, na inashushwa hadi ngapi. Kisha omba kuiwasha pale dukani kwako, kwenye meza ile ile itakapokaa, saa mbili usiku.